Safu Imejaa, Ipi Itoke?

Timu nyingi za programu siku hizi huendesha kazi zao kwenye ubao wa kompyuta. Kila kazi ina kadi yake, na kadi husogea kutoka kushoto kwenda kulia, safu hadi safu, mpaka ifike mwisho. Juu ya baadhi ya safu huandikwa namba. Ikiandikwa 6, maana yake ni kwamba ndani ya safu hiyo zisikae kadi zaidi ya sita kwa wakati mmoja. Safu ikijaa, hakuna anayeanza kazi mpya hadi moja itoke.

Wengi wanaoiona namba hiyo hudhani inazuia kitu. Haizuii. Kwenye Jira, ukiweka kikomo cha 6 na mtu akaburuta kadi ya saba, mfumo unaipokea bila ubishi. Kinachobadilika ni rangi tu: safu inakuwa nyekundu. GitHub Projects, GitLab na Azure Boards nazo ni hivyo hivyo, zinaonyesha lakini hazimshiki mtu mkono. Kadi moja ikishatoka, wekundu unaondoka, na anayeufungua ubao kesho yake asubuhi hakuti dalili yoyote kwamba jana kikomo kilivukwa.

Ndiyo maana kiongozi wa timu anayetazama ubao saa tatu asubuhi, akakuta kila kitu ni shwari, bado hajajua kama timu yake inaheshimu kikomo walichokubaliana. Ameona hali ya dakika ile tu. Jibu lenyewe limo kwenye historia ya kadi, na historia hiyo mfumo unaitunza yote: kila kadi iliingia safu gani, siku gani, saa ngapi, na ikatoka lini. Kuisoma si kazi ngumu. Ngumu ni kujua uulize nini.

Tuanze na sababu ya kuweka kikomo. Fundi cherehani anapopokea vitambaa vya wateja thelathini kabla ya Idi, na kila kimoja akakikata siku hiyo hiyo ili mteja aone kazi imeanza, hajaongeza kasi ya cherehani yake hata kidogo. Amewarefushia tu wote thelathini muda wa kusubiri. Kazi ya programu iko hivyo, isipokuwa vitambaa vyake havionekani mezani, kwa hiyo hakuna anayeshtuka rundo linapokua.

Hesabu yake ilithibitishwa mwaka 1961 na John Little, Mmarekani aliyekuwa akichunguza foleni. Kanuni yake inasema hivi: wastani wa muda ambao kazi moja inakaa mkononi ni sawa na wastani wa idadi ya kazi zilizo mkononi, ugawe kwa idadi ya kazi mnazomaliza kila wiki. Timu yenye kazi 24 mkononi, inayomaliza 6 kwa wiki, itamkalisha mteja wiki 4 kwa wastani tangu kazi ianzwe. Wakibaki na kasi ile ile lakini mkononi wawe na kazi 12 tu, wiki 4 zinakuwa 2. Hakuna aliyeongeza bidii wala aliyeajiriwa. Kanuni hii ni ya wastani, na inahitaji hali iliyotulia: kazi zinazoingia ziwe zinalingana takriban na zinazotoka. Haikuambii kadi fulani itakwisha lini.

Wazo la kutumia kikomo kama hiki lilitoka viwandani. Taiichi Ohno wa Toyota, Japani, alitumia kadi za kuagizia vipuri ili hatua moja ya kiwanda isitengeneze kitu ambacho hatua inayofuata haijakihitaji. David Anderson ndiye aliyelihamishia kwenye programu, akianza na timu moja ya Microsoft miaka ya 2004 na 2005. Timu ile ilikuwa ikirekebisha programu za ndani za kampuni, na ombi moja lilikuwa likichukua kama miezi mitano. Kufikia mwisho wa mageuzi yale, muda huo ulikuwa umeshuka hadi siku 14, na sehemu kubwa ya dawa ilikuwa kupunguza kazi zilizoachwa wazi kwa pamoja.

Sasa tuchukue mfano. Timu hii nimeitunga mwenyewe, lakini kila litakaloipata ni jambo nililolizoea kwenye timu za kweli. Ina wahandisi wanne na wapimaji wawili, yaani wale wanaoijaribu programu kabla haijamfikia mteja. Wanatengeneza programu ya simu kwa ajili ya vikundi vya kuweka na kukopa. Ubao wao una safu tano: Inasubiri, Inaandikwa, Inakaguliwa, Inajaribiwa, Imekwisha. Wanamaliza kadi 6 hivi kwa wiki.

Kabla ya kuweka kikomo chochote, walihesabu kwanza. Inaandikwa ilikuwa na kadi 13, Inakaguliwa 5, Inajaribiwa 6. Jumla 24. Wahandisi wanne kuwa na kadi 13 maana yake kila mmoja ameshika tatu, na mmoja wao nne, na hakuna anayeweza kuandika programu tatu kwa wakati mmoja. Moja inaandikwa, nyingine zinasubiri jibu la mtu, au zimeachwa pale kazi ya haraka ilipokuja.

Walipatana 6 kwa Inaandikwa, 3 kwa Inakaguliwa na 3 kwa Inajaribiwa. Kwa nini 6 kwa watu wanne? Kila mhandisi apate moja ya kushika, na zibaki nafasi mbili kwa kadi iliyokwama kwa sababu ya kweli. Wangeweka 4, kadi moja ikikwama mtu mmoja angebaki bila kazi, na timu changa hukata tamaa haraka hali ikiwa hivyo. Wangeweka 10, kusingekuwa na tofauti kubwa na mwanzo. Hakuna namba inayotoka kwenye kitabu. Unahesabu ulichonacho, unashuka mpaka pabane kidogo, halafu unatazama.

Kadi zilizozidi hawakuzitupa, wala hawakuzirudisha nyuma ili ubao upendeze. Walikubaliana kutoanza lolote jipya mpaka safu zishuke zenyewe. Hilo lilichukua zaidi ya wiki mbili, na katika muda huo ubao ulikuwa mwekundu kila siku, kama ilivyotarajiwa. Kipindi hicho hakihesabiwi kuwa ukiukaji, na mtu anayekagua baadaye lazima ajue kilianza na kuisha lini, asije akawalaumu watu kwa deni walilokuwa wakilimaliza.

Ukaguzi wenyewe ulikuja baadaye, kwa siku 10 za kazi, kuanzia Jumatatu tarehe 3 hadi Ijumaa tarehe 14 Machi 2025. Swali lilikuwa moja: kila siku, saa tisa alasiri, safu ya Inaandikwa ilikuwa na kadi ngapi? Saa tisa nimeichagua kwa makusudi. Asubuhi kuna kikao, na kabla ya kikao watu husafisha kadi zao. Alasiri kila mtu yuko kazini na ubao uko katika hali yake ya kawaida. Kwenye Jira swali hilo huandikwa hivi kwenye sehemu ya kutafutia:

```
project = VK AND status WAS "Inaandikwa"
DURING ("2025/03/11 15:00", "2025/03/11 15:01")
```

VK ni kifupi cha mradi wao. Dirisha la dakika moja linakupa kadi zilizokuwamo wakati ule, bila kukuchanganyia zile zilizopita asubuhi na kutoka. Unabadilisha tarehe, unaandika idadi kwenye karatasi, unakwenda siku nyingine. Kwa siku 10 ni kazi ya robo saa. Uangalie tu kwamba safu moja ya ubao inaweza kubeba hali mbili au zaidi za kadi. Ikiwa safu yenu inachukua "Inaandikwa" na "Imesimama" kwa pamoja, zote mbili lazima ziwemo kwenye swali, la sivyo hesabu yako haitalingana na kile ubao unachoonyesha.

Wiki ya kwanza ilitoa 6, 6, 7, 6, 6. Wiki ya pili ikatoa 6, 9, 9, 8, 6. Siku 4 kati ya 10 kikomo kilivukwa. Hata hivyo kusema "asilimia 40" na kuishia hapo ni kupoteza ukaguzi. Ile 7 ya siku moja, iliyorudi 6 kesho yake, ni jambo dogo: mpimaji alirudisha kadi yenye kasoro ikakuta nafasi yake imeshachukuliwa. Hilo litatokea kwenye timu yoyote. Habari iko Jumanne tarehe 11, ambapo safu ilipanda kutoka 6 hadi 9 kwa siku moja na kukaa juu kwa siku tatu. Hapo unauliza ni kadi zipi ziliingia:

```
project = VK AND status CHANGED TO "Inaandikwa" ON "2025/03/11"
```

Zilitokea tatu. Mbili zilikuwa ombi la meneja: skrini mpya mbili za kuonyesha wafadhili Alhamisi. Ya tatu ilikuwa ya mhandisi aliyemaliza kadi yake, akakuta Inakaguliwa imejaa, akaiacha pale pale na kuanza nyingine.

Huyu wa tatu ndiye ninayetaka tumtazame zaidi, kwa sababu yeye ndiye sura ya kawaida ya kuvunja kikomo. Hakuasi. Alifanya kile ambacho kila mfanyakazi mwema amefundishwa, kutokukaa bure. Kwa nini Inakaguliwa ilijaa? Kwa sababu Inajaribiwa ilijaa. Kwa nini Inajaribiwa ilijaa? Kadi mbili kati ya tatu zilikuwa zinangoja namba za majaribio kutoka kampuni ya simu, na namba hizo zilikuwa zimeombwa kwa barua pepe wiki iliyopita na hakuna aliyepiga simu kufuatilia. Mkwamo ulikuwa mbali kabisa na mahali penye wekundu. Kikomo kingeheshimiwa, mhandisi yule angesimama saa ile ile, akageuka na kuuliza mbele kuna nini, na pengine simu ingepigwa Jumanne. Aliponyamaza na kuanza kadi nyingine, simu ilipigwa Alhamisi.

Basi ukaguzi mzuri hausomi safu iliyovuka peke yake. Unasoma na safu zilizo mbele yake kwa siku ile ile. Mara nyingi safu inafurika kwa sababu ya mkwamo ulioko kulia kwake.

Za meneja ni habari nyingine. Alikuja mezani akasema, "Hizi mbili ni za haraka, wafadhili wanakuja Alhamisi." Mhandisi akajibu, "Sawa, bosi," akazianza. Jibu lililohitajika lilikuwa na maneno mawili zaidi: "Sawa, bosi, ipi itoke?" Meneja ana haki ya kubadilisha kipaumbele, na wakati mwingine anajua jambo ambalo timu hailijui. Asilokuwa nalo ni uwezo wa kuongeza kazi bila kitu kingine kuchelewa. Swali hilo linamrudishia uamuzi ulio wake, na kadi anayoitaja inarudi Inasubiri mbele ya macho ya wote. Baada ya hapo timu ilikubaliana kuweka njia ya dharura: kadi moja tu, yenye alama yake, inayoruhusiwa kupita juu ya kikomo. Ya pili ikija, lazima ya kwanza iwe imetoka. Njia ya dharura isiyo na kikomo chake hugeuka kuwa njia ya kawaida kwa muda mfupi sana.

Kwa kutazama miezi badala ya siku, Jira ina mchoro uitwao `Cumulative Flow Diagram`. Kila safu inachorwa kama ukanda wenye rangi yake, na unene wa ukanda kwa siku yoyote ni idadi ya kadi zilizokuwamo siku hiyo. Timu inayoheshimu kikomo ina ukanda wa Inaandikwa wenye unene usiobadilika sana, unaopanda kwa utulivu kwenda kulia. Ukanda ukinenepa wiki baada ya wiki, kazi zinaingia kuliko zinavyotoka. Lakini ukiupima ukanda kwa macho huwezi kutofautisha 6 na 7, na mvuko wa siku moja hauonekani. Kwa hiyo mchoro ni wa kuona mwelekeo, na lile swali la dakika moja ni la kuhesabu.

Sasa tufike kwenye sehemu inayonishughulisha zaidi ya zote. Kuna timu ambazo ukiuliza maswali yote hayo zinatoka safi: siku 10, mvuko sifuri. Na bado wateja wanangoja muda ule ule. Kazi haijapungua, imehamishwa mahali ambapo hesabu haifiki.

Mahali pa kwanza ni safu mpya. Mtu anapendekeza safu ya "Imezuiwa" au "Inangoja mteja," inaongezwa, na haipewi kikomo. Ndani ya mwezi mmoja Inaandikwa ina kadi 6 za kupendeza na Imezuiwa ina 11. Kadi iliyozuiwa bado imeanzwa, bado imekula muda, na bado kuna mtu anaisubiri. Iachwe ndani ya safu yake, iwekwe alama, na ihesabiwe kwenye kikomo. Hapo tu ndipo itamkera mtu wa kuifungua.

Mahali pa pili ni kurudisha nyuma. Kabla ya kikao, kadi inasogezwa kimya kimya kurudi Inasubiri, na mchana inarudi. Hili nalo linaacha nyayo:

```
project = VK AND status CHANGED FROM "Inaandikwa" TO "Inasubiri"
AFTER "2025/03/01"
```

Kadi moja mbili ni sawa, kipaumbele kilibadilika. Kadi ile ile ikirudi nyuma mara nne kwa mwezi, ifungue usome historia yake na kumuuliza aliyeishika, kwa upole, nini kinamlazimu.

Mahali pa tatu ni kazi isiyo na kadi kabisa. Ombi linakuja kwa WhatsApp, "kaka, nisaidie tu hiki kidogo," na linafanywa bila kuingia ubaoni. Mfumo wa kufuatilia kazi hauwezi kukuonyesha kitu ambacho hakikuandikwa humo, kwa hiyo inabidi uutafute ushahidi kwingine. Kwa timu ya programu ushahidi uko kwenye hifadhi ya msimbo. Kila kazi iliyoanzwa huwa na tawi lake, na matawi ambayo hayajaunganishwa kwenye shina kuu yanaorodheshwa kwa amri moja:

```
git branch -r --no-merged main
```

Timu yetu ilikuwa na kadi 9 kwenye Inaandikwa na Inakaguliwa kwa pamoja, sawasawa na kikomo. Matawi yakawa 14. Matatu yalikuwa ya zamani, yaliyosahauliwa, wakayafuta. Mawili yalikuwa kazi hai zisizo na kadi, moja ikiwa ripoti ambayo ofisa wa fedha aliiomba kwa simu. Haikuwa siri mbaya. Ilikuwa siku tatu za mhandisi ambazo hesabu ya Little haikuwa nazo, na ndizo zilizofanya makadirio yao yasilingane na kalenda.

Kuna na njia ya nne, ya kukusanya kazi tatu ndani ya kadi moja ili zihesabiwe moja. Hiyo huonekana kwa umri. Panga kadi zilizo wazi kwa siku zilizokaa tangu zianzwe. Ikiwa kadi zenu nyingi hukaa siku nane na moja ina siku 22, ifungue. Mara nyingi ndani yake utakuta orodha.

Jambo moja nalisisitiza kwa yeyote atakayefanya ukaguzi huu: usihesabu kwa jina la mtu. Siku ripoti itakaposema nani alivunja kikomo mara ngapi, watu watajifunza kuificha kazi badala ya kuipunguza, na njia zote nne nilizozitaja zitafunguka kwa wiki moja. Hesabu ni ya safu na ya siku. Siku iliyovuka inajadiliwa na timu nzima, ikiwa na swali la nini kilikuwa mbele kimekwama na nani aliombwa nini.

Ikitokea miezi miwili imepita bila mvuko hata mmoja, na matawi yanalingana na kadi, bado kuna swali la kuuliza kwenye kikao: ni lini mara ya mwisho mtu alitaka kuanza kadi akazuiwa na kikomo, akaenda kumsaidia mwenzake? Kama hakuna anayekumbuka, namba ni kubwa mno. Timu yetu ilifika hapo mwezi Mei. Walishusha Inaandikwa kutoka 6 hadi 5, wakaiacha Inajaribiwa kwenye 3 kwa sababu namba za majaribio zilikuwa bado zinachelewa, na wakaandika kwenye kalenda Ijumaa ya wiki ya pili: kurudia lile swali la saa tisa, kwa siku 10, wakiwa na karatasi ya Machi pembeni.